Kikundi kimeamua au wameamua? Mwongozo wa upatanisho wa nomino za makundi

Ukisoma barua za vikundi vya wakulima vinavyoomba mkopo halmashauri, iwe Mbeya, Njombe au Iringa, kuna sentensi utakayokutana nayo tena na tena: "Kikundi chetu wameamua kukopa." Neno "chetu" linasema kikundi ni kimoja. Neno "wameamua" linasema walioamua ni watu wengi. Mpokeaji ataelewa, hilo halina shaka. Shida inaanza aya mbili mbele, barua inapofika kwenye deni: "Kikundi watarejesha mkopo." Hapo nani anadaiwa? Kikundi chenye cheti na akaunti ya benki, au mwanachama mmoja mmoja na shamba lake? Mwandishi hakukusudia kuacha swali hilo wazi, lakini kiambishi kimoja kimeliacha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika barua, mihtasari ya vikao, ripoti za shule au habari za michezo, na ambaye hukwama kwenye maneno kama kikundi, timu, kamati, umati, idadi ya, baadhi ya na asilimia ya. Mifano nimeifanya mifupi makusudi. Upatanisho huonekana vizuri kwenye sentensi ya maneno manne kuliko kwenye ya maneno ishirini, na nashauri ufanye hivyo hata katika kazi yako: sentensi ikikutatiza, ifupishe kwanza, irekebishe, kisha rudisha uliyoyatoa.

Hatua ya kwanza: tafuta neno linaloongoza

Nomino ya kundi mara nyingi hufuatwa na kiunganishi cha -a na majina ya waliomo: kundi la vijana, kikosi cha askari, umati wa mashabiki, timu ya wasichana. Neno linaloongoza kitenzi ni lile la kwanza, lililo kabla ya kiunganishi. Na kiunganishi chenyewe kinakuonyesha njia, kwa sababu tayari kimekubaliana na neno hilo. Ukiona "la", kitenzi kitaanza na li-. Ukiona "cha", kitaanza na ki-. Ukiona "za", ni zi-.

Kundi la ng'ombe limevuka mto.
Kikosi cha zimamoto kimefika.
Timu za shule zimeondoka.

Hakuna aliyewahi kusema "kundi wa ng'ombe", hata kama anatamka "kundi la ng'ombe wamevuka". Sikio letu liko makini kabisa kwenye kiunganishi, kisha linalegea likifika kwenye kitenzi. Kwa hiyo kiulize kiunganishi.

Viunganishi viwili vinahitaji uangalifu zaidi. "Ya" inaweza kuwa ya umoja au ya wingi: "timu ya vijana imefika", lakini "makundi ya vijana yamefika". Angalia umbo la nomino. Ikiwa imeanza na ma- ya wingi, tumia ya-. Ikiwa ni timu, kamati, familia, kwaya, bodi au idadi, tumia i-. Cha pili ni "wa", ambacho hutumika kwa watu na pia kwa nomino kama umati, ushirika, msafara na msururu. Hizi si watu, hata zikiwa zimejaa watu, kwa hiyo kitenzi chake huanza na u-:

Umati wa mashabiki ulifurika Uwanja wa Sokoine.
Msururu wa malori umeanzia Mpemba.
Ushirika wa wakulima umelipa malipo ya kwanza.

Sentensi hiyo ya msururu ndiyo inayoonyesha mtego wenyewe. Anayeiandika kwa haraka ataweka "yameanzia", kwa sababu neno lililo karibu na kitenzi ni "malori". Kadiri maneno yanavyorundikana kati ya nomino inayoongoza na kitenzi chake, ndivyo kitenzi kinavyovutwa na neno la mwisho. Dawa ni kuondoa kila kitu kuanzia kwenye kiunganishi. "Idadi ya wakulima wa chai wa Rungwe waliojiandikisha msimu huu ... imepanda au wamepanda?" Ondoa: "Idadi imepanda." Jibu limepatikana.

Ukiwa huna uhakika na ngeli ya nomino, fungua kamusi. Kamusi nyingi za Kiswahili huonyesha viambishi vya upatanisho kando ya neno, kwa mfano li-/ya- kwa kundi, au i-/zi- kwa timu.

Hatua ya pili: jiulize kitenzi kinamsema nani

Hapa ndipo pana utata wa kweli, na si haki kumwambia mtu kwamba "timu wameshinda" ni kosa tupu. Husikika kila Jumamosi redioni, na hutamkwa na watu wanaokijua Kiswahili vizuri. Inafaa kuelewa kwa nini.

Tazama sentensi hii ambayo hakuna anayeibishia: "Rafiki yangu amefika." Neno "yangu" limefuata umbo la neno rafiki, lakini "amefika" limefuata maana, yaani mtu. Kwa wingi pia: "Rafiki zangu wamefika." Kwa hiyo Kiswahili chenyewe kina tabia hii ya kawaida: neno lililoshikana na nomino hufuata umbo, na kitenzi kilicho mbali kidogo kinaweza kufuata maana. Msemaji wa "timu yetu wameshinda" anafuata mkondo huohuo. Ndiyo maana atasema "yetu" na kamwe hatasema "timu wetu wameshinda".

Tofauti ni kwamba rafiki ni mtu, ilhali timu ni kitu kilichoundwa na watu. Rafiki hawezi kuchukua i- hata kidogo katika Kiswahili sanifu. "Rafiki yangu imefika" haipo. Timu inaweza, na ndiyo njia yake ya kawaida. Kwa hiyo kwa nomino za makundi, umbo ndilo la kwanza, na maana ni ruhusa inayotumika zaidi katika mazungumzo.

Ruhusa hiyo ina mipaka, na mpaka wake uko kwenye maana ya kitenzi. Vipo vitenzi vinavyolisema kundi lenyewe kama kitu kimoja: kuundwa, kusajiliwa, kuvunjwa, kushuka daraja, kuwa na watu fulani. "Timu imeshuka daraja" ni sawa, "timu wameshuka daraja" inaanza kuyumba, na "kikundi wamesajiliwa" haifai hata kidogo, kwa sababu kilichopata cheti ni kikundi, si Fulani na Fulani. Kwa upande mwingine vipo vitenzi vinavyoigusa miili ya watu mmoja mmoja: kuchoka, kuugua, kulala, kuvaa, kuoga. "Timu imeoga" inachekesha. Lakini "timu wameoga" pia si suluhisho zuri katika maandishi. Suluhisho ni kuwataja wenyewe: "Wachezaji wameoga."

Ningependa msomaji alichukue hilo kuliko mengine yote katika hatua hii. Unapohisi kiambishi wa- kinakuvuta, mara nyingi ni ishara kwamba watu ndio unaowazungumzia. Basi wataje. Andika wachezaji, wanachama, wajumbe, waimbaji, wanafunzi, na kitenzi kitakaa chenyewe bila mabishano.

Kamati imepitisha bajeti. Wajumbe wamesaini.
Kwaya imeimba nyimbo mbili. Waimbaji wamechoka.
Familia yetu ina shamba Tukuyu. Ndugu zangu wanalilima.

Majina ya klabu yana jambo lake. "Mbeya City imetoka sare" inafuata neno timu au klabu ambalo halikutajwa lakini limo kichwani. "Mbeya City wametoka sare" inawafuata wachezaji. Katika utangazaji wa mpira unaoendelea, wa- ina kazi halali: mtangazaji anawaona watu kumi na mmoja wakikimbia, na "wanapandisha mashambulizi" inatoka mdomoni bila kizuizi. Katika ripoti iliyoandikwa, i- hukaa vizuri zaidi. Kwa Simba kuna sababu ya ziada ya kuwa makini. "Simba ameshinda" ni mnyama, "Simba imeshinda" ni klabu, "Simba wameshinda" ni wachezaji. Viambishi vitatu, maana tatu, na jina ni lilelile.

Neno polisi halimo kwenye mjadala huu, ingawa wengi huliingiza. Polisi ni mtu: polisi amefika, polisi wamefika. Likitanguliwa na jeshi, basi jeshi ndilo linaloongoza: "Jeshi la Polisi limetoa taarifa."

Hatua ya tatu: tenganisha maneno ya makundi na maneno ya kiasi

Idadi ya, baadhi ya, asilimia ya, nusu ya, sehemu ya: kwa macho yanafanana, lakini hayafanyi kazi moja.

"Idadi" ni nomino kamili inayotaja hesabu. Yenyewe ndiyo inayopanda, inayoshuka, inayojulikana au inayotosha. Kitenzi chake kinaanza na i-.

Idadi ya wanafunzi imeongezeka.
Idadi ya miche haitoshi.

"Baadhi" ni kinyume chake. Haiongozi chochote, inapunguza tu idadi ya kile kinachofuata, na kitenzi hufuata hicho kinachohesabiwa. Tazama jinsi kitenzi kinavyobadilika huku "baadhi ya" ikibaki palepale:

Baadhi ya wakulima wamevuna.
Baadhi ya viazi vimeoza.
Baadhi ya magunia yameloa.
Baadhi ya miparachichi imekauka.

Kipimo cha kuyatenganisha ni rahisi. Weka neno lako mbele ya "ni 40". "Idadi ya wakulima ni 40" inasimama. "Baadhi ya wakulima ni 40" haisimami. Neno linalosimama ndilo linaloongoza kitenzi.

Kutokana na hapo utaona kasoro ya sentensi hii, ambayo imeenea sana kwenye habari: "Idadi ya wakulima wamelalamika kuhusu bei ya mbolea." Idadi haiwezi kulalamika, na kubadili kitenzi kuwa "imelalamika" kunaharibu zaidi. Chanzo chake ni tafsiri. Katika Kiingereza, neno lao la idadi likitanguliwa na kibainishi kisicho dhahiri, "a number of", huwa na maana ya "kadhaa" na hubeba kitenzi cha wingi; likitanguliwa na kibainishi dhahiri, "the number of", huwa ni hesabu yenyewe, na kitenzi huwa cha umoja. Kiswahili hakina vibainishi hivyo. Anayetafsiri anatumia "idadi ya" kwa yote mawili, na sentensi ya kwanza inapinda. Iandike hivi: "Wakulima kadhaa wamelalamika." Wakiwa wengi: "Wakulima wengi wamelalamika." Neno idadi liache kwa siku unayotaka kusema juu ya hesabu.

Kiingereza hichohicho ndicho kinachowachanganya wanafunzi kuhusu timu. Waingereza huipa timu kitenzi cha wingi mara kwa mara, hasa wanapowafikiria wachezaji. Wamarekani kwa kawaida huipa kitenzi cha umoja. Mwalimu anayesahihisha Kiingereza akubali yote mawili, mradi mwanafunzi asichanganye katika insha moja. Lakini mazoea hayo yasihamishiwe kwenye Kiswahili kana kwamba ni sheria yetu. Sisi tuna ngeli, na ngeli inatupa jibu la kuanzia ambalo wao hawana.

Asilimia inahitaji uamuzi. "Asilimia 30 ya viazi vimeoza" na "asilimia 30 ya viazi imeoza" zote huandikwa. Mimi huchagua ya kwanza, kwa sababu kilichooza ni viazi, na kwa sababu inalingana na jinsi tunavyotumia "baadhi ya". Lakini asilimia yenyewe ikiwa ndiyo inayozungumziwa, i- ndiyo inayofaa: "Asilimia ya waliofaulu imepanda." "Nusu ya" nayo huacha kitenzi kifuate kile kinachopimwa, kama "baadhi ya": "Nusu ya mahindi yamevunwa." "Sehemu kubwa ya" mimi huiacha na i-, kwa sababu sehemu ni eneo au kipande kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole: "Sehemu kubwa ya shamba imelimwa."

Na "mmoja wa" ni umoja daima: "Mmoja wa wajumbe amejiuzulu." Vilevile "kila mmoja wa": "Kila mmoja wa wanachama atachangia."

Hatua ya nne: ukishachagua, usihame katikati ya sentensi

Makosa mabaya zaidi hutokea pale mwandishi anapochagua mara mbili ndani ya sentensi moja. "Timu iliyoshinda wamerudi Mbeya." Kirejeshi kimesema i-, kitenzi kimesema wa-. Andika "Timu iliyoshinda imerudi" au "Wachezaji walioshinda wamerudi."

Angalia pia kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi, ambacho wahakiki wengi hukipita. "Tuliwapokea timu uwanjani" ina wa- iliyojificha katikati. Inayofaa ni "Tuliipokea timu" au "Tuliwapokea wachezaji".

Kutoka sentensi moja hadi nyingine kuna uhuru kidogo. "Kamati ilikutana jana. Walikubaliana kuahirisha uchaguzi." Katika mazungumzo hakuna wa kushangaa. Katika muhtasari wa kikao ningeweka "Wajumbe walikubaliana", ili atakayesoma baada ya miaka mitatu asiulize ni akina nani.

Kundi likiunganishwa na mtu kwa "na", watendaji wamekuwa wawili na wa- inaingia kihalali: "Kamati na mwenyekiti wake wamesafiri."

Barua moja, kutoka rasimu hadi nakala safi

Tuchukue aya ya barua ya kikundi cha kubuni cha wakulima wa viazi mviringo huko Uyole, kinachoomba mkopo wa halmashauri:

"Kikundi chetu wameanzishwa mwaka 2021. Idadi ya wanachama wameongezeka kutoka 12 hadi 20. Baadhi ya wanachama ina mashamba yao wenyewe. Kamati ya mikopo wamekaa na imekubaliana kwamba kila mmoja wa wanachama watachangia shilingi 10,000 kwa mwezi. Asilimia 30 ya mbegu za msimu uliopita imeoza kwa kukosa ghala. Kikundi watarejesha mkopo kwa miezi 12."

Sentensi ya kwanza: kinachoanzishwa ni kikundi, na "chetu" tayari imeonyesha njia. Kimeanzishwa. Wanachama hawakuanzishwa, walijiunga.

Ya pili: ondoa maneno baada ya "idadi". Idadi imeongezeka.

Ya tatu imekosewa kwa upande wa pili. Mwandishi amekumbuka kwamba "ya" huenda na i-, akaitumia mahali isipofaa. "Baadhi ya wanachama ni 40"? Haisimami. Kwa hiyo tunafuata wanachama: wana mashamba.

Ya nne ina kasoro mbili. "Wamekaa na imekubaliana" imehama katikati. Je, tuchague kamati au wajumbe? Kukaa hapa ni kufanya kikao, na kikao ni cha kamati. Uamuzi nao ni wa kamati. Imekaa na kukubaliana. Kisha "kila mmoja wa wanachama" inataka atachangia, ingawa neno "wanachama" limekibana kitenzi kwa ukaribu. Ningefupisha kabisa: "kila mwanachama atachangia".

Ya tano si kosa. Ila kwa kuwa tunaandika juu ya mbegu zilizooza, na ndizo zinazohitaji ghala, naiweka "zimeoza".

Ya sita ndiyo yenye uzito. Mkopo unaombwa na kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo anayeahidi ni kikundi. Kitarejesha.

Nakala safi:

"Kikundi chetu kilianzishwa mwaka 2021. Idadi ya wanachama imeongezeka kutoka 12 hadi 20. Baadhi ya wanachama wana mashamba yao wenyewe. Kamati ya mikopo imekaa na kukubaliana kwamba kila mwanachama atachangia shilingi 10,000 kwa mwezi. Asilimia 30 ya mbegu za msimu uliopita zimeoza kwa kukosa ghala. Kikundi kitarejesha mkopo kwa miezi 12."

Katika sentensi ya kwanza nimebadilisha pia wakati, kwa kuwa mwaka umetajwa na umepita.

Ikiwa wanachama wamekubaliana jambo jingine, kwamba kila mtu atadaiwa sehemu yake, basi kubadili kiambishi hakutoshi na "kikundi watarejesha" haitawasaidia. Waandike: "Kila mwanachama atarejesha sehemu yake ya mkopo kwa miezi 12, na kikundi kitawasilisha marejesho hayo." Hapo kila kitenzi kina mwenyewe, na ofisa anayeipokea barua anajua amtafute nani kwa lipi.